Ukisema "Poleni, Lakini", Umeshawapoteza

Vijana wenzangu, wiki hii naomba tuweke pembeni mabango na tuongelee maiki. Namaanisha ile maiki ya mkutano wa mtaa, pale uwanja wa shule ya msingi, spika moja inakoroma, watu 300 wamefura kwa hasira, na mwenyekiti anakugeukia anasema, "Haya, kijana, nawe useme." Maiki ya jukwaani siku ya kampeni, ambapo kila mtu amekuja akiwa amevaa sare yako, ni habari nyingine kabisa.

Wengi wetu tukipewa nafasi ile tunajua njia mbili tu. Ya kwanza ni kumwaga petroli: unapiga kelele kuliko wananchi, unatukana viongozi, unashangiliwa, unashuka umelowa jasho. Kesho yake hakuna kilichobadilika ila sauti yako imekauka. Ya pili ni ya wale waliosoma kidogo, wanaoshika makaratasi na kuanza moja kwa moja, "Kwa mujibu wa sheria namba fulani, kifungu cha fulani." Sentensi ya pili haifiki, watu wameshaanza kupiga miluzi.

Kuna njia ya tatu, na nasema wazi kwamba ndiyo inayotufaa sisi tulio upinzani kuliko mtu mwingine yeyote. Kwanza unataja malalamiko ya watu, kwa majina yake na kwa ukamilifu, mpaka wenyewe waseme "hapo umetusema". Baada ya hapo unatoa ukweli wa jambo, wote, pamoja na ule wasioupenda. Ukianza na ukweli, hausikiki. Ukitaja malalamiko halafu ukaficha ukweli, umewadanganya, na deni hilo litalipwa siku nyingine kwa riba.

Tuanze na mfano ambao nchi nzima iliuona.

Mtwara, 2012 na 2013

Tarehe 27 Desemba 2012 watu wa Mtwara waliandamana kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Kaulimbiu ilikuwa maneno mawili tu: gesi haitoki. Ukiyasikia juu juu unadhani ni ubishi wa watu wasiojua bomba ni nini. Lakini nyuma ya maneno yale mawili kulikuwa na historia ndefu. Kusini walikuwa na reli enzi za mradi wa karanga, ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Barabara ya kuwaunganisha na Dar ilikaa miaka na miaka ikiwa na vipande vya tope. Korosho zao zinauzwa, fedha zinachelewa. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, na miaka 30 baadaye mtu wa kijijini pale bado anapikia kuni. Sasa anaambiwa bomba linapita.

Jibu la kwanza kutoka juu lilikuwa nini? Rais Kikwete, katika hotuba yake ya kufunga mwaka, alieleza kwamba rasilimali za nchi ni za Watanzania wote, haziwezi kuwa za mkoa mmoja. Jamani, hilo ni kweli. Hata sisi tukishika dola kesho tutasema hivyo hivyo. Ila halikuwa jibu la swali lililoulizwa. Watu walikuwa wanauliza, "Mbona kila chetu kikitoka hakirudi?" Wakajibiwa, "Hiki si chenu peke yenu." Ukweli uliotangulia malalamiko ukasikika kama karipio.

Januari 2013 moto ukawaka, Mtwara na Masasi. Majengo yakachomwa, watu wakafa. Mwishoni mwa mwezi Waziri Mkuu Mizengo Pinda akasafiri kwenda huko, akakaa na makundi mbalimbali, akasikiliza. Akaeleza pia kwamba gesi itasafishwa huko huko kabla ya kusafirishwa. Hali ikatulia. Nampa sifa yake, ingawa si mtu wa chama chetu: alifika, alikaa, alisikia. Watu waliokuwa wanarusha mawe walikubali kukaa kwenye viti.

Lakini angalia kilichofuata. "Itasafishwa hapa" na "haitoki" ni vitu viwili tofauti kabisa. Kiwanda cha kusafisha kilikuwa kijengwe Mtwara, kweli, na kikajengwa Madimba. Bomba nalo lilikuwa lijengwe vile vile, na likajengwa. Mtu aliyetoka na kaulimbiu ya "gesi haitoki" alihitaji kuambiwa sentensi moja ngumu, uso kwa uso, na irudiwe mpaka iingie: bomba litajengwa, gesi itatoka, na hiki ndicho kitakachobaki kwenu. Sentensi hiyo, kama ilisemwa, haikufika. Tarehe 22 Mei 2013 bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini iliposomwa bungeni na bomba likathibitishwa, Mtwara ikawaka tena, mara hii wanajeshi wakapelekwa.

Miezi minne. Huo ndio uliokuwa umri wa utulivu ule.

Wengi wetu tunaikumbuka Mtwara kama hadithi ya mabavu ya serikali, na mabavu yalikuwepo. Mimi naikumbuka pia kama somo la mpangilio wa maneno. Desemba ukweli ulitangulia malalamiko, ukakataliwa. Januari malalamiko yalisikilizwa lakini sehemu chungu ya ukweli haikuingia masikioni, na utulivu haukudumu. Vyote viwili vinatakiwa, na kimoja lazima kitangulie kingine.

Mkutano wa fidia

Sasa tushuke mtaani. Mwaka jana nilikaa kwenye mkutano wa mtaa mmoja ulioandikwa barabara. Sitautaja, kwa sababu wenye nyumba wale bado wanadai na sitaki mtu asumbuliwe. Mwenyekiti wa mtaa ni mama wa makamo, wa chama chetu, muuza vitenge. Hajawahi kuhudhuria semina yoyote ya uongozi. Nilichokiona siku ile kinazidi semina zote nilizokaa mimi.

Hali ilikuwa hivi. Machi ya mwaka uliotangulia wathamini walipita, wakapiga picha nyumba, wakaandika namba nyekundu ukutani. Watu wakaambiwa wasiendeleze chochote. Miezi ikapita kimya. Kufikia Agosti ya mwaka uliofuata, ilikuwa miezi 17 tangu rangi ile ipakwe. Na mtaani kulikuwa na uvumi uliokuwa umeiva: hela zimeshaingia halmashauri, zimeliwa.

Siku nne kabla ya mkutano, mama yule alichagua watu watatu kutoka miongoni mwa wenye nyumba, wale wenye kelele zaidi, akaenda nao ofisini kuuliza. Aliwachukua hao makusudi. Habari ikitoka kwa mwenyekiti peke yake, itaitwa habari ya mwenyekiti. Ikitoka kwa mzee anayejulikana kwa ubishi, itaitwa ushahidi. Walirudi na tarehe moja muhimu, nitaifikia.

Mkutano ukaanza saa tisa alasiri. Vijana wetu walikuwepo, mmoja ameshaandaa hotuba ya "wezi wa fidia". Mama akamwambia kwa upole, "Mwanangu, subiri. Utasema baada ya wenye nyumba."

Kisha akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Hakuhutubia. Alifungua daftari la shule, akasema, "Leo mimi ni karani wenu. Kila mtu aseme kinachomuuma, naandika." Watu wakasema kwa karibu saa nzima. Kila mmoja aliposema, aliuliza swali moja tu la kufafanua: "Paa linavuja tangu lini?" "Wapangaji waliohama ni wangapi?" Hakutetea mtu. Hakusema "hilo nalo linafanyiwa kazi". Aliandika.

Walipokwisha, akasimama akawasomea yote kwa sauti, moja baada ya jingine. Kwamba kuna mtu paa lake limebomoka na anaogopa kuliezeka kwa sababu ameambiwa asiguse nyumba. Kwamba kuna bibi aliyekuwa anaishi kwa kodi ya vyumba viwili, wapangaji wameona namba nyekundu wakaondoka. Kwamba kuna watu wamekataliwa mkopo kwa sababu nyumba ya kubomolewa haiwi dhamana. Kwamba kila wakienda ofisini wanaambiwa njoo Jumatatu. Kwamba vifaa vya ujenzi vimepanda bei na hela ya mwaka juzi haitajenga nyumba ya mwaka huu. Alimaliza, akauliza, "Nimesahau nini?"

Mzee mmoja akanyanyuka taratibu nyuma kabisa. Akasema, "Umesahau makaburi."

Uwanja ukawa kimya. Kumbe nyuma ya nyumba tatu kulikuwa na makaburi ya wazee wao, na hakuna aliyekuwa ameulizwa yatahamishwa lini, na nani, na kwa taratibu gani. Nchi hii ina sheria ya kuhamisha makaburi tangu mwaka 1969, kwa hiyo jambo lile lilikuwa na njia yake kabisa. Lakini mzee hakuwa anauliza sheria. Alikuwa anauliza kama kuna mtu anajua kwamba baba yake amelala pale. Mama akaandika "makaburi", akalisoma tena kwa sauti, akasema, "Hili lilipaswa kuwa la kwanza. Naliweka la kwanza."

Kuanzia hapo mkutano ulikuwa wake. Hakuwa amewaahidi hata senti moja.

"Kweli" ya jambo lipi?

Tusimame kidogo hapa, maana ndipo wengi tunapokosea. Mama yule alikubali mambo mengi siku ile, lakini hakukubali kila kitu. Kijana mmoja alipopaza sauti, "Sema ukweli, hela wamekula!", alimjibu hivi: "Mmesubiri miezi 17, hilo ni kweli na nimeliandika. Kwamba zimeliwa, sijaona karatasi inayosema hivyo. Nikiiona nitaileta hapa hapa."

Mnaona tofauti? Kukiri malalamiko ni kukiri lililompata mtu: amesubiri, paa limebomoka, wapangaji wamehama. Hayo unaweza kuyathibitisha kwa kwenda kuyaangalia. Kukiri tuhuma ni kitu kingine, ni kusema nani kafanya nini. Ukilichanganya hili na lile kwa sababu umati unataka, kesho ukidaiwa ushahidi huna, na malalamiko ya kweli yanazama pamoja na tuhuma uliyoshindwa kuithibitisha. Halafu wale jamaa wa ng'ambo ya pili wanasema, "Mnaona? Waongo hawa." Na paa la yule mtu bado linavuja.

Kitu kingine ni lile neno "lakini". Kwa Kiswahili chetu, "poleni, lakini" maana yake watu wote wanaijua: pole haipo, kinachokuja ndicho chenyewe. Mama hakulitumia hata mara moja. Baada ya kusoma malalamiko alinyamaza, akanywa maji, akasema, "Sasa nawaambia tulichokikuta ofisini." Ni sentensi mpya, inayosimama yenyewe. Malalamiko yakabaki pale yalipowekwa, hayakufutwa na kilichofuata.

Na msijidanganye na "nawaelewa". Nawaelewa bila kutaja jambo ni sawa na kumwambia mgonjwa pole bila kumuuliza wapi panauma.

Ukweli ulikuwa upi

Akaanza na ile tarehe. Ofisini walionyeshwa kwamba tathmini yao, iliyofanyika Machi, iliidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali mwezi Juni mwaka ule ule. Kwa nini tarehe hii ni kubwa? Kwa sababu mwananchi anahesabu tangu siku rangi nyekundu ilipopakwa ukutani, na Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016 inahesabu tangu siku ya idhini. Ndiyo maana siku zote pande hizi mbili zinaitana waongo. Huyu anasema miezi 17, yule anasema miezi 14, na wote wawili wako sahihi. Mama akayasema hayo hayo: "Hesabu yenu ni ya kweli, ndiyo ya maumivu. Hesabu ya Juni nayo ni ya kweli, ndiyo ya madai. Tukienda kudai tutatumia ya Juni."

Kisha akaeleza kwa vidole. Fidia inatakiwa ilipwe ndani ya miezi 6 tangu idhini. Juni mpaka Desemba, miezi 6 imekwisha. Kuanzia hapo, ucheleweshaji unazaa riba kwa mwenye nyumba, na kanuni za fidia za mwaka 2001 zilisema riba hiyo ifuate wastani wa riba ambayo benki za biashara zinatoa kwa akiba za muda maalumu. Desemba mpaka Agosti ni miezi 8 ya riba. Akampa mfano yule mwenye paa: tuchukulie fidia yako ni shilingi 20,000,000, na tuchukulie riba ni asilimia 6 kwa mwaka, kwa mfano tu. Mwaka mzima ni 1,200,000. Miezi 8 ni theluthi mbili ya mwaka, kwa hiyo ni 800,000. "Hiyo si hisani," akasema, "na haiji yenyewe. Inadaiwa kwa maandishi."

Watu walikuwa wanaandika kwenye viganja vya mikono.

Halafu akatoa la uchungu, na alilitoa katikati, wakati watu bado wametulia na bado kuna la kusema baada yake. Kwanza, tathmini haizeeki mpaka itimize miaka 2 tangu idhini. Yaani kabla ya Juni ya mwaka unaofuata, huwezi kudai nyumba zithaminiwe upya kwa sababu tu bei ya saruji imepanda. Riba ndiyo dawa ya kipindi hiki, na kweli ni dawa ndogo. Pili, chochote kilichojengwa baada ya siku ya tathmini hakihesabiwi. Hapo wakaguna, maana wapo watatu walioongeza vyumba usiku usiku baada ya rangi kupakwa, na kila mtu anawajua. Mmoja akafoka. Mama akamtazama akasema, "Baba, ningeweza kukwambia vitalipwa, ukafurahi leo. Siku ya hundi ungenitafuta."

Huyo bwana hakufurahi. Alikaa chini lakini.

Mwisho akataja wasichokijua: kama fedha zimetengwa au hazijatengwa. Ofisini hawakujibiwa swali hilo. Hakuziba pengo kwa kubahatisha. Alisema wale wale watatu watarudi na barua tarehe fulani, akaitaja, yenye mambo matatu: fedha zimetengwa au la, riba itaingizwa vipi, na utaratibu wa makaburi. Na tarehe ya mkutano wa kuleta majibu akaitaja pia, majibu yawe yamepatikana au hayajapatikana.

Utajuaje kama umesikika

Baada ya siku ile nimekuwa nikitazama mikutano kwa jicho jingine, na kuna dalili ambazo hazidanganyi. Malalamiko yale yale yakirudiwa mara tatu na watu watatu tofauti, usifikiri ni wakorofi. Maana yake hawajaamini kwamba uliyasikia, kwa hiyo yasome tena. Ukitoa tarakimu na mtu akakujibu kwa tusi, umetoa mapema, rudi nyuma. Na siku ukisikia maswali yameanza kugeuka, kutoka "Kwa nini mnatufanyia hivi?" kwenda "Barua inaandikwa na nani?" na "Lini?", hapo ndipo pa kutoa ukweli wako. Mtu anayeuliza lini ameshaanza kukokotoa.

Njia hii ina mipaka yake, tusiiuze kama dawa ya kila ugonjwa. Inahitaji mkutano wa kukaa. Umati uliokwishaanza kutembea kuelekea kwenye jengo hausomewi daftari, kazi yako pale ni kuwatoa watoto na wazee njiani. Inahitaji pia uwe na ukweli mkononi. Mama yule asingeenda ofisini siku nne kabla, saa nzima ya kusikiliza ingeishia kuwa saa ya kulia pamoja, na watu wangetoka na hasira ile ile, imekunjwa vizuri tu. Na kama wewe mwenyewe ndiye uliyewasababishia, kusoma orodha ya maumivu yao bila kutaja mkono wako ndani yake kunaongeza moto.

Kwa nini hili linatuhusu sisi

Najua kuna mwenzetu anasoma hapa anasema, "Kiongozi, sisi kazi yetu si kupoza wananchi. Hasira ndiyo mtaji." Nimelisikia hilo hata kwenye vikao vyetu. Nalijibu hivi: yule kijana wetu mwenye hotuba ya wezi wa fidia alipewa maiki mwisho, kama alivyoahidiwa. Akasimama, akaangalia watu, akakunja karatasi yake. Aliuliza tu nani ana laptopu ya kuandikia barua. Kwa sababu umati ule haukuwa umepozwa. Hasira yao ilikuwa imepata tarehe, sheria, hesabu na majina ya wapeleka barua. Ofisi yoyote inajua kumsubirisha mtu anayepiga kelele, maana atachoka. Mtu anayesema "idhini ni ya Juni, miezi 6 iliisha Desemba, naomba jibu la riba kwa maandishi" anasumbua zaidi.

Barua ilipelekwa. Jibu lilikuja baada ya wiki kadhaa, likikiri kwamba riba itahesabiwa na kwamba familia zenye makaburi zitaitwa kabla ya kazi yoyote kuanza. Kuhusu fedha, jibu lilisema mchakato unaendelea, maneno ambayo sote tunayajua. Naandika hii na hawajalipwa. Mkutano wa kuleta majibu ulifanyika siku iliyotajwa, majibu nusu nusu yakasomwa yalivyo, na watu walikuja wengi kuliko mara ya kwanza.

Wale watatu walioongeza vyumba nao walikuja. Bado wamenuna, ila mmoja wao ndiye aliyebeba spika.

Kwa hiyo, vijana, kabla ya mkutano ujao wa mtaa wenu, fanyeni mambo mawili ya kawaida kabisa. Nendeni ofisini na watu wenye kelele mkachukue tarehe. Na mnunue daftari.